Skripti: Yeremia shimoni

Shalom wapendwa. Skripti ya Jumamosi hii hapa, haizidi dakika moja. Msomaji asikimbie.

“Mimi ni Yeremia. Wakuu wa Yerusalemu walinishusha shimoni kwa kamba. Maji hayakuwamo, matope tu, nikazama. Mjini mkate ulikuwa unakwisha. Nikangoja. Kisha juu nikamsikia Ebedmeleki, Mkushi: ‘Weka matambara haya kwapani, chini ya kamba.’ Wakanivuta. Nikakaa katika ua wa walinzi mpaka mji ulipotekwa.”

Sentensi ya mwisho msiikate. Alitoka shimoni, lakini hakuachiwa huru; subira yake iliendelea pale uani. Matambara tuyapige picha kwa karibu, yawe makuukuu kweli, si leso mpya kama mazoezini! Wasomaji wapitie Yeremia 38:6-13 na 28.