YAH: Mabakuli yenu ya melamini na majibu niliyopewa kaunta

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, ingawa kwenu adabu sikuiona.

Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua na risiti ninayo, kwa hiyo hayo siyarudii. Nimekuja na bakuli moja kati ya sita, nikaomba kubadilishiwa au kurudishiwa hela. Kijana wenu wa kaunta akalichukua, akaligonga kwa ukucha mara tatu, akasema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: "Mama, wewe unakunywa supu au unakunywa bakuli?" Watu wakacheka.

Sasa nijibu swali lake, maana pale sikupewa nafasi. Ndiyo, kidogo nalinywa na bakuli.

Melamini ya vyombo ni plastiki ngumu inayoundwa kwa kuunganisha melamini na formaldehaidi. Kwa matunda, saladi au mkate sina ugomvi nayo. Tatizo ni joto kali likikutana na ukali wa nyanya, siki au ndimu: hapo plastiki yenyewe huanza kumeng'enyuka juu juu, na melamini na formaldehaidi huingia kwenye chakula. BfR, taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula na vyombo vyake, ilisema tangu 2011 kwamba vyombo hivi havifai kupikia wala kuingia maikrowevu, na kwamba mpaka wake ni nyuzi 70 za Selsiasi. Kibandiko chenu kinasema "yanafaa kwa vyakula vya moto na maikrowevu". Moto upi? Supu yangu ya nyanya niliipima kwa kipimajoto cha jikoni ilipotoka sufuriani: nyuzi 91.

Na sikuanza kulalamika juzi. Miezi miwili kabla ya kuja kwenu nilipiga simu, nikaambiwa nioshe vizuri. Nikaosha. Siku hiyohiyo jioni mwanangu akainamia bakuli, akarudisha kichwa nyuma: "Inanuka dawa." Harufu ile inachoma pua, na ndiyo inayoninyima imani kwamba plastiki hii iliiva sawasawa kiwandani. Ndani, pale supu inapofikia, pamebaki pete iliyofifia. Juu ya pete bakuli linang'aa, chini yake linakwaruza kama chaki, na rangi ya nyanya haitoki hata kwa kusugua.

Pete hiyo ndiyo niliyotaka kijana wenu aione. Nilikuwa nimelifunga bakuli kwa gazeti, nikalifungua mbele yake, nikamwonyesha kwa kidole. Hakutazama ndani hata mara moja. Ko, ko, ko, kwa ukucha, "unakunywa supu au unakunywa bakuli?" Na msimamizi wake alikuwepo, hatua mbili tu, kalamu mkononi. Naye alicheka. Hilo ndilo lisilonitoka.

Sisemi mtu nyumbani kwangu ameugua. Mwaka 2013 watafiti wa Taiwani walichapisha jaribio lao: watu walikunywa supu ya tambi ya moto, mara kwenye bakuli la melamini, mara kwenye la kauri, kisha melamini kwenye mkojo wao ikapimwa kwa saa 12. Kwa melamini zilitoka wastani wa mikrogramu 8.35, kwa kauri 1.31. Ni kiasi kidogo, wala haikuonyeshwa kwamba waliumwa. Lakini hakika iliingia mwilini, na mwanangu anakula supu karibu kila siku.

Nilikuja kutaka hela ya bakuli moja. Sasa nataka ya yote sita, na kibandiko hicho kiondolewe. Pia nataka ripoti ya maabara. Afisa wenu wa manunuzi anajua ninachosema: chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 3, hukaa saa 2 kwenye nyuzi 70, na kazi hiyo hufanywa mara tatu. Nataka namba za raundi zote, kwa sababu raundi ya tatu ikizidi ya kwanza, chombo chenyewe kinaoza. Katika Umoja wa Ulaya melamini haipaswi kuvuka miligramu 2.5 kwa kilo ya chakula, na formaldehaidi 15. Yenu ni ngapi?

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, bakuli hili na kibandiko chake nitavipeleka kwa wakaguzi wa viwango, pamoja na risiti na nakala ya barua hii. Na msimamizi aniombe radhi kwa maandishi. Kijana namsamehe, alimtazama mkubwa wake akaona panachekeka.

Bakuli nimelihifadhi bila kulisugua tena. Pete bado ipo.

Wenu,
Mteja aliyechekwa kaunta