Mchoro wa vidoti: kwa nini tunakuomba picha nyengine

Wateja wengi wakituletea picha ya kuchorwa kwa vidoti wanauliza kwa nini tumewarudishia picha waliyoleta wakati inaonekana safi kabisa, haina ukungu, sura yote iko wazi. Tatizo ni hilo hilo la sura kuwa wazi yote. Ikipigwa kwa flashi ya simu uso mzima unapata mwanga sawa, kivuli cha pua hakipo, cha chini ya shavu hakipo, na sie hatuna kitu chengine cha kuchorea isipokuwa kivuli.

Maana mchoro huu hauna mstari hata mmoja. Peni ni moja, wino ni mweusi tu, na kila kidoti kina ukubwa sawa na mwenzake, kinachobadilika ni vimekaa karibu kiasi gani. Mwanga wenyewe ni karatasi tupu.

Tuchukue kazi ya babu mmoja ambayo mjukuu wake alileta picha nzuri sana, kakaa barazani asubuhi, kofia ya vitobo na kanzu nyeupe, jua linamjia kutoka kushoto. Kwanza tunaweka alama nyepesi kwa penseli, si za kuchora sura, ni za kuonesha kivuli kinaanzia wapi na kinaishia wapi, zitafutwa wino ukishakauka. Halafu tunaanza na sehemu za mwanga, vidoti vichache vichache, tunazunguka uso wote kabla ya kuzamisha popote, kwa sababu kidoti cha wino hakifutiki, kuongeza unaweza wakati wowote lakini kupunguza ndo basi tena.

Hapa ndo pana hesabu ambayo watu hawaitegemei. Peni yetu imeandikwa 01, alama yake ina upana wa milimita 0.25. Ukigonga vidoti 100 ndani ya sentimita moja ya mraba umefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi, kijivu chepesi mno, hicho kinatosha pale shavu linapoanza kuuacha mwanga. Ukifika 1,000 bado hujafunika hata nusu, kwa sababu vidoti vimeshaanza kupandana. Ukiongeza vyengine 1,000 unapata kama asilimia 60 na kidogo, yaani kazi imekuwa mara mbili lakini weusi haukuwa mara mbili. Kwa hiyo upande wa kulia wa uso wa babu, chini ya taya na kwenye tundu la jicho, ndo uliokula muda mwingi, na ndo maana bei yetu inaangalia ukubwa wa kivuli na sio ukubwa wa karatasi peke yake.

Ngozi nyeusi inataka uangalifu wake. Kosa tunaloliona sana kwenye kazi za vidoti ni kujaza uso wote mpaka unakuwa bapa, macho na meno tu ndo yanatoka. Ngozi ya babu ina mng'ao mdogo lakini mkali, kwenye paji, juu ya shavu na mgongo wa pua, pale tunaacha karatasi karibu tupu kabisa halafu vidoti vinasogeleana haraka pembeni yake. Na hata kwenye giza lenyewe tunabakisha chembe za weupe, la sivyo kivuli kinakuwa doa.

Sasa kofia nyeupe kwenye karatasi nyeupe, bila mstari? Tunatia vidoti nyuma yake, ukuta unakuwa kijivu na kofia inajitokeza yenyewe haina hata kidoti ukingoni. Vile vitobo ni vidoti viwili vitatu kila kimoja, na upande wa kulia tunavikaza kidogo ili kofia iwe duara.

Kinachoharibu kazi ni mkono kuchoka. Peni ikilala badala ya kusimama wima kidoti kinatoa mkia, na ukigonga kwa mpangilio wa safu jicho linaona mistari pale ambapo haipo. Ukipokea mchoro wowote, wetu au wa mtu mwengine, finya macho uutazame kutoka hatua kadhaa, ukiona njia njia kama za sisimizi kwenye shavu basi vidoti vilipangwa vibaya. Wakati wa masika karatasi inavuta unyevu na wino unatambaa, kidoti kinanenepa, kwa hiyo miezi hiyo tunagonga vichache kuliko kawaida na tunakuomba siku zaidi.

Picha ya kutuletea basi: kaa karibu na mlango au dirisha, mwanga uje upande mmoja, zima flashi, na ukituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti ili isibanwe. Ikiwa mwenyewe kashatangulia mbele ya haki na picha iliyobaki ni ya flashi, ilete hivyo hivyo pamoja na nyengine zozote za uso wake hata kama ni za pembeni, kivuli tutakisoma humo.