Usonji au athari za maisha ya kituoni? Jinsi tunavyotofautisha

Walezi wengi wanaotuletea mtoto aliyewahi kulelewa katika kituo cha kulelea watoto hufika na fomu kutoka shuleni, tayari imejazwa, na alama zimevuka kiwango: hatazami watu usoni, hana rafiki, anajitikisa, anapiga mayowe ratiba ikibadilika. Fomu hiyo haijakosea hesabu. Inahesabu tabia tu, na tabia hizo hizo huonekana kwa mtoto mwenye usonji na kwa mtoto ambaye miaka yake ya mwanzo hakuwa na mtu wa kumwita wake. Ndiyo maana hatuanzi kwa kumjazisha mlezi fomu nyingine.

Jambo hili lilijulikana vizuri baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka Romania mwezi Desemba 1989. Watoto wengi walitolewa katika vituo vyenye hali mbaya sana na kupata wazazi wa kuwaasili Uingereza. Kundi la watafiti lililoongozwa na Michael Rutter liliwafuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 1999 likaeleza kwamba baadhi yao walikuwa na dalili zinazofanana mno na usonji. Walipofikisha miaka 11, takribani mmoja kati ya kila kumi alikuwa ameonyesha sura hiyo, na robo ya hao walikuwa wamekwisha kuziacha dalili hizo. Zaidi ya nusu ya walioonyesha sura hiyo walikuwa na jambo lingine juu yake: kumwendea mgeni yeyote kana kwamba wanamjua. Waliokaa kituoni zaidi ya miezi 6 ndio waliobaki na matatizo mengi zaidi, hata ukubwani. Hivyo mtu anayekwambia "atazoea tu, mpeni muda" hana msingi, na anayesema "akiwa hivi ni usonji" hana pia.

Tuchukue mfano mmoja. Nimeuunganisha kutoka familia kadhaa ili asijulikane mtu, lakini kila kilichomo tumekiona.

Mvulana wa miaka 6. Aliingia kituoni akiwa na miezi michache, akatoka akikaribia miaka 4. Tangu hapo analelewa na shangazi yake. Mwalimu anasema ni usonji. Shangazi anasema ni mambo ya kituoni. Wote wawili wanamwona kila siku, na wote wawili wana ushahidi.

Tulianza na macho. Mwalimu alikuwa sahihi: akiitwa jina, mtoto huinamisha kichwa. Lakini katika chumba chetu alitupia jicho mlango kila uliposikika ukigusika, na kila simu ya shangazi ilipolia alimtazama usoni haraka, akasoma kilichomo, kisha akarudi kwenye mchezo. Huyu anasoma nyuso kwa bidii, ila anazisoma akitafuta hatari. Katika usonji tunachokikosa mara nyingi ni kitu kingine: mtoto hatumii macho kukushirikisha. Akiona kitu cha kufurahisha, hakuangalii, hakionyeshi kwa kidole, wala hakuangalii tena ahakikishe umekiona. Kwa hiyo swali letu kwa mlezi haliwi "anatazama?" Tunauliza "anatazama lini, na anatafuta nini?"

Shangazi akaeleza balaa la chakula cha jioni. Kikichelewa, mtoto hulia na kujigonga kichwa ukutani. Shuleni waliandika "havumilii mabadiliko, anashikilia utaratibu". Tulimwomba afanye majaribio mawili nyumbani kwa wiki chache. Siku nyingine abadilishe sahani, mahali pa kukaa na mpangilio wa kupakua, ila chakula kiwe kwa wakati. Siku nyingine chakula kichelewe kidogo, lakini mtoto aonyeshwe mapema kwamba kipo na aambiwe kitakuwa tayari lini. Sahani mpya hakuijali hata kidogo. Na kuchelewa alikuvumilia, mradi alikuwa amekiona chakula kwa macho yake. Alichokuwa akikilinda ni uhakika kwamba atakula. Hapo shangazi akakumbuka kusema kuhusu vipande vya chakula vilivyokuwa vikikutwa chini ya mto wake wa kulalia. Mtoto mwenye usonji anayeshikilia utaratibu mara nyingi huumizwa na mabadiliko yenyewe, hata akiwa ameshiba na hana wasiwasi wowote, na kumhakikishia kwamba kila kitu ni salama hakumsaidii sana.

Mchezo ndio uliotuchukua muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu ndio unaosema mengi kuliko yote. Kwa mbali ulionekana kama wa usonji kabisa, kwa sababu alirudia jambo moja tu. Alimlaza mwanasesere, akamfunika, akafunga mlango wa nyumba ya kuchezea, akafungua, akaanza upya. Mtu aliyekaa na karatasi ya kuweka alama angeandika "mchezo wa kujirudia" na kuendelea. Tulipomsogelea tukasikia maneno. Mwanasesere alikuwa anaambiwa anyamaze. Mtu mzima wa mchezoni aliondoka, akaja mwingine mwenye sauti nyingine. Kulikuwa na wahusika, nafasi zao na hisia zao, na nilipoingiza mhusika wangu aliyebaki chumbani asiondoke, mvulana alisita, akamruhusu akae. Mchezo wa kiwewe hukwama kwenye hadithi moja, lakini ni hadithi. Katika usonji marudio mara nyingi yapo kwenye vitu vyenyewe: kuvipanga, kuvizungusha, kuvitazama kwa pembeni, au kuigiza tukio neno kwa neno bila kumpa mwingine nafasi ya kuligeuza.

Kujitikisa kulitupa shida zaidi, maana kunatokea pande zote mbili. Mtoto aliyelala peke yake saa nyingi bila kubebwa hujifunza kujibembeleza mwenyewe. Kumwangalia siku moja kusingetusaidia. Tulihitaji kujua mwelekeo. Shangazi alikuwa na video za simu tangu mwezi wa kwanza. Mwanzoni alijitikisa kila usiku. Baada ya mwaka, alipougua au baada ya siku ngumu shuleni. Sasa ni nadra, na akianza hukubali kukumbatiwa na huacha. Utafiti mwingine uliofanyika Bucharest kuanzia mwaka 2000, ambapo watoto 136 wa vituoni waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapelekwa kwa familia za malezi na wengine wakaendelea na malezi ya kawaida, ulionyesha jambo hilo hilo: miondoko ya kujirudia ilipungua kwa waliopata familia, hasa waliopata mapema.

Hatimaye tuliandika kwamba hatuoni usonji. Tuliona kutochagua watu (siku ya kwanza alinikalia mapajani kabla sijamwambia jina langu), hofu ya kukosa mahitaji, na lugha iliyochelewa. Lugha ilitaka uangalifu wa pekee, kwa kuwa mtoto huyu hakujua kuuliza swali la kurudisha wala kungoja zamu. Ungeweza kuiita dalili ya usonji. Lakini aliyekulia mahali ambapo mtu mzima mmoja alihudumia watoto wengi hakupata wa kuongea naye kwa zamu, na tulipomfundisha alianza kufanya hivyo na watu wengine bila kukumbushwa.

Sasa upande wa pili, ambao hutusumbua zaidi siku hizi kwa sababu neno "kiwewe" limekuwa jibu la kila kitu. Msichana wa umri karibu na huo, naye aliwahi kuishi kituoni, alifika baada ya miaka kadhaa ya kuambiwa kwamba bado hajapona. Nyumbani ametulia. Akiumia humkimbilia mama yake mlezi na kutulizwa. Haogopi, hafichi chakula. Lakini mazungumzo hayaendi kwa zamu na mtu yeyote, awe mama, mwalimu au mtoto mwenzake, na hali iko vile vile siku njema na siku mbaya. Hufunika masikio kwa sauti ambazo wengine hawazisikii. Salamu lazima isemwe kwa maneno yale yale. Huyu ana usonji. Kumpenda mama yake hakuupingi, kwani watoto wenye usonji hushikamana na walezi wao. Kilichotuongoza ni kwamba dalili hazikubadilika kulingana na mtu wala usalama. Za yule mvulana zilibadilika.

Kuna pia mtoto mwenye vyote viwili. Kuishi kituoni hakumkingi mtu na usonji, ambao kwa sehemu kubwa hutokana na urithi. Kwa hiyo tunauliza kuhusu ndugu wa damu, kama wapo wanaojulikana: nani alichelewa kusema, nani ana usonji.

Kabla ya kikao chochote tunaomba mtoto apimwe masikio. Kutosikia vizuri hufanana na hayo yote, na maambukizi ya masikio yasiyotibiwa hupatikana sana kwa watoto waliotoka vituoni.

Kikwazo kikubwa kwetu ni miaka ya mwanzo. Mahojiano ya kawaida ya usonji humtaka mlezi aeleze mtoto alivyokuwa kabla ya miaka 3 na kati ya miaka 4 na 5, na mlezi wa sasa mara nyingi hakuwepo. Kwa hiyo tunaijenga historia kwa vipande. Kadi ya kliniki inaonyesha uzito ulivyokwenda. Picha za kituoni zinaonyesha mtoto alikaa karibu na nani. Tukipata mlezi wa zamu ya usiku tunampigia, maana huyo ndiye aliyemwona mtoto akilia, na tunamuuliza mambo machache: watoto walikuwa wangapi kwa mlezi mmoja, walezi walibadilika mara ngapi, na huyu alipolia alinyoosha mikono abebwe au aliacha kabisa kulia? Jibu la mwisho hueleza mengi, ingawa peke yake halitoshi kuamua lolote.

Kazi nzima kwa kawaida ina kikao na mlezi bila mtoto, kikao cha mchezo na mtoto, na kumwona mtoto shuleni, hasa wakati wa mapumziko ambapo hakuna anayempangia la kufanya. Kama ametoka kituoni hivi karibuni, mara nyingi tunaandika "haijaamuliwa" na kumwona tena baada ya miezi 6, kisha tena. Najua neno hilo linaudhi. Ndiyo maana ripoti hutoka na mpango wa msaada siku hiyo hiyo: mlezi yule yule kila jioni, ratiba ya picha ukutani, mazoezi ya lugha, na mtu mmoja shuleni wa kumwendea akizidiwa. Hayo yanamfaa mtoto wa pande zote mbili, na namna anavyoyapokea ni sehemu ya tathmini inayofuata.

Ukija mara ya kwanza, leta kadi ya kliniki, matokeo ya kipimo cha masikio, fomu ya shule hata kama huiamini, na video fupi za siku za kawaida, hasa za zamani. Usimwandae mtoto kwa kumwambia atuamkie vizuri. Tunataka kuona atatusalimu vipi mwenyewe.