Stima ikirudi, friji yako inachukua muda gani kupoa tena?

Wenye maduka wengi wanaotupigia simu hutuuliza swali moja: stima ikipotea, friji inaweza kushikilia baridi kwa muda gani? Ni swali zuri, lakini kwa Nairobi tunayoijua, ambapo stima hupotea kwa saa moja asubuhi, kwa saa nyingine mchana na tena jioni, kuna swali linalolipita. Baridi iliyopotea inarudi kwa kasi gani? Friji isiyoweza kurudisha baridi yake kabla stima haijakatika tena haiaminiki, hata kama soda zake zinakunywika baridi.

Tuchukue duka moja la Umoja tulilolihudumia. Lina friji ya mlango wa kioo, na ndani mna soda, maziwa freshi ya pakiti, mala na soseji. Mwenye duka alikuwa akirudishiwa maziwa yaliyoganda karibu kila wiki, na alikuwa ameshagombana na anayemletea maziwa. Yeye hakuilaumu friji, kwa sababu kila alipogusa chupa ilikuwa baridi, na kile kioo kidogo cha namba kilicho juu ya mlango kilionyesha nyuzi 4.

Kioo kile hupima hewa iliyo karibu na kihisio chake. Hewa hupoa upesi sana kompresa ikianza kazi, maziwa hayapoi hivyo. Kwa hiyo tulichukua chupa ya maji ya nusu lita, tukaitoboa kifuniko, tukaingiza waya wa kipimajoto cha kidijitali hadi katikati ya maji, tukaiacha usiku kucha kwenye rafu ya maziwa. Maji ndani ya chupa hupata joto na kupoa karibu sawa na maziwa ndani ya pakiti, kwa hiyo namba yake ndiyo ya kuamini.

Asubuhi saa tatu chupa ilisoma nyuzi 4. Tukazima friji ukutani, wateja wakaendelea kununua kama kawaida. Saa nne ilisoma 6. Tukawasha. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: saa sita mchana bado ilikuwa 5, na hadi saa nane ndipo iliporudi kwenye 4. Saa moja bila stima ilihitaji saa nne za stima kufidiwa.

Sasa hesabu siku ya duka lile ikiwa stima inapotea mara tatu, saa moja kila mara, na katikati kuna saa mbili za stima. Kutoka 4 inapanda hadi 6, inashuka hadi 5. Inapanda hadi 7, inashuka hadi 6. Inapanda hadi 8. Hakuna mara stima ilipokosekana kwa muda mrefu, lakini maziwa yale yameshinda mchana karibu wote juu ya nyuzi 5. Kipimo tunachotumia kwa maziwa freshi na soseji ni hiki: vikikaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya muda wa saa mbili, usiviuze. Soda haina shida hiyo, na maziwa ya muda mrefu ambayo pakiti yake haijafunguliwa pia hayana.

Kwa nini friji ile ilikuwa nzito kupoa kiasi hicho? Gesi ilikuwa ya kutosha na kompresa ilikuwa nzima. Ilikuwa imesukumwa hadi ikagusa ukuta, na ile nyavu ya mabomba inayotoa joto nje ilikuwa imezibwa na vumbi na unga hadi hewa haipiti. Joto linalotolewa ndani lazima lipate pa kwenda. Likikosa, kompresa hunguruma bila kupumzika na baridi haiongezeki. Pia mpira wa mlango ulikuwa umelegea upande wa chini. Hilo unaweza kulijua mwenyewe: fungia noti ya shilingi hamsini mlangoni, kisha uivute. Ikitoka bila kukaza, hewa inapita hapo. Jaribu pande zote nne, maana mpira huharibika kipande kimoja kwanza.

Tulisafisha nyavu kwa brashi, tukabadilisha mpira, tukaivuta friji ikabaki na nafasi ya kiganja nyuma yake. Tukarudia jaribio. Safari hii saa moja bila stima iliipandisha hadi 5 na nusu, na ilirudi kwenye 4 baada ya saa moja tu. Kukatika mara tatu kwa siku si tishio tena kwa friji ile. Kukatika mara moja kwa saa nne bado ni tishio, na tulimwambia hivyo wazi. Mlango wa kioo hauzuii joto kama ukuta mnene wa freza. Kwa siku kama hiyo anagandisha chupa nne za maji kwenye freza yake, na stima ikipita nusu saa bila kurudi, anahamisha maziwa na soseji kwenye boksi la kuhifadhi baridi pamoja na chupa hizo. Barafu ni hazina kubwa: kuyeyusha kilo moja hutumia joto linaloweza kupasha kilo hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80.

Kuna jambo jingine la kuangalia stima inaporudi. Mara nyingi hurudi ikiwa hafifu. Taa ya ndani inawaka, mwenye duka anatulia, kumbe kompresa inanguruma sekunde chache, inalia "ta!", inanyamaza, na kurudia hivyo hadi ichoke. Weka mkono ubavuni mwa friji usikilize. Ukisikia hivyo, chomoa, ungoje dakika tano ili shinikizo la gesi lisawazike ndani, ndipo uchomeke. Kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya soketi na plagi hufanya kazi hiyo chenyewe: hungoja, na hukata umeme ukiwa chini au juu mno.

Friji za kampuni za soda zinahitaji tahadhari ya pekee. Zimetengenezwa kwa vinywaji, na baadhi zina kidhibiti kinachoacha joto lipande usiku duka likiwa limefungwa ili kuokoa stima. Soda haidhuriki. Maziwa uliyoyaacha humo yatadhurika hata usiku ambao stima haikupotea kabisa.

Kwa freza, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukifungua duka ukakuta sarafu imezama katikati au chini, freza iliyeyuka usiku ikaganda upya, na smoki zilizomo usiziuze hata kama sasa ni ngumu kama jiwe.

Ukituita tukupimie, jaribio huchukua siku moja na usiku wake. Tunaomba friji iwe na bidhaa zako za kawaida, usiitoe vitu wala kuisafisha kabla hatujafika. Friji iliyojaa hushika baridi kuliko iliyo nusu, na vumbi lililo nyuma yake ni sehemu ya tunachokuja kupima. Kama tumekupimia Julai, tuite tena Januari au Februari joto likizidi, kwa sababu namba za msimu wa baridi hazitakufaa wakati huo.