Kabla hujamfungia shoga yako khanga ya harusi ya pili, soma jina

Kila msimu wa harusi tunaulizwa: "Jamani, doti ile ile naipata mtaani kwa bei ya chini, ninyi mnaongeza nini?" Swali ni halali. Tunalijibu hapa kwa ajili ya wanaomnunulia shoga anayeolewa mara ya pili, kwa sababu huyo ndiye anayeumizwa zaidi na khanga ya haraka haraka.

Khanga ina pindo pande zote, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Mnunuzi huangalia rangi na mji, akalipa akaondoka. Bibi harusi akifungua zawadi huanza na jina, na walioketi karibu naye wanamsaidia kusoma. Shida ni kwamba majina mengi yanayouzwa kama ya heri yana mwiba kwenye ndoa ya pili. "Baada ya dhiki faraja" ndiyo inayoongoza kwa kuombwa, na ndiyo tunayoikataa zaidi. Dhiki ipi? Kila aliyepo anamjua, na watoto aliowazaa na huyo "dhiki" wako pale wamevaa sare. "Ya kale ni dhahabu" inamsifu aliyeondoka mbele ya aliyeingia. "Kutangulia si kufika" ni kijembe cha waziwazi kwa mke wa zamani wa bwana harusi. Hata "Subira huvuta heri", iliyo nzuri kwa mwingine, hapa inamwambia kuwa miaka aliyokaa peke yake ilikuwa ikihesabiwa.

Kipimo chetu ni kimoja. Soma jina kwa sauti kana kwamba hujui lolote la huko nyuma. Kama halileti maana mpaka ukumbuke ndoa ya kwanza, lirudishe kwenye rafu. Yanayobaki ni dua za leo: kuwaombea amani nyumbani, heri, baraka, mapenzi. Na ukikosa kabisa, chukua kisutu, ile ya nyeusi, nyekundu na nyeupe. Ni khanga ya harusi ya pwani tangu enzi za mabibi, na kwa kawaida haina jina, kwa hiyo haimsemi mtu.

Mfano: mashoga sita walikuja wakitaka doti saba za toleo moja, sita sare yao na moja ya bibi harusi. Rangi ilikuwa safi sana, jina ni hilo hilo la dhiki. Wazo lao lilikuwa pindo likunjwe jina lifichike. Haiwezekani. Jina liko juu ya pindo, upande wa mji, si ukingoni. Ukilikunja unakula pindo lote la chini na khanga inabaki fupi, haifungiki kifuani. Wakabadili toleo. Tukawashauri wachukue doti zote saba siku hiyo hiyo, kwa sababu toleo likiisha, linalofuata huja na wekundu tofauti kidogo, na kwenye picha inaonekana.

Sasa bei. Doti inatoka kiwandani vipande viwili vimeungana. Tunakata katikati, halafu ncha nne zinapindwa, kwa sababu marefu yana ukingo wake wa kufumwa lakini mapana yote ni mabichi. Pindo la cherehani linakunjwa mara mbili, jembamba, lisilozidi nusu sentimita. Fundi wa haraka hukunja mara moja tu; baada ya kufua mara chache nyuzi zinachomoka, na ukirudia kupinda unaingia kwenye mapambo. Pia tunahakikisha ni pamba. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, nailoni na wenzake wanayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Ile ya bei ya chini mara nyingi ni ya kipunje, na kwa joto la Dar mtu hajifungi mara ya pili.

Wanaotaka majina ya maharusi yadariziwe, tunadarizi kwenye mji palipo wazi, tukiweka karatasi ngumu chini, la sivyo khanga hujikunja kuzunguka herufi. Majina mawili na tarehe vinatosha. "Hatimaye", "safari hii" na "mwanzo mpya" tunaomba msituletee, hata kwenye kadi, maana yote yanahesabu.

Kuhusu sufuria na vikombe: ana nyumba tayari, muulize kwanza.

Doti bila darizi ilete siku tatu kabla. Yenye darizi, wiki nzima, na tahajia ya majina iandikwe kwenye karatasi, isitajwe kwa simu.