Kuchagua projeksheni ya ramani ya Afrika ya ukutani

Wateja wengi wanaoagiza kwetu ramani ya Afrika ya ukutani, hasa shule na mashirika yanayotaka kuonyesha msongamano wa watu, misitu au mashamba, hutuletea faili lenye projeksheni ya Mercator, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kwenye ramani za mtandaoni. Kabla ya kuchapa tunawaomba wazitazame nchi mbili tu. Uganda ina takriban kilomita za mraba 241,000 na Tunisia takriban 164,000, yaani kama theluthi mbili ya Uganda, lakini kwenye faili hilo zinaonekana zikilingana.

Mercator hukuza vipimo kadiri unavyoiacha Ikweta, na hukuza upana na urefu kwa kiwango kimoja ili pembe zisiharibike. Uganda, inayopitiwa na Ikweta, haiathiriki. Tunisia, iliyo karibu na latitudo 34 kaskazini, hukuzwa mara 1.2 kila upande, na hivyo eneo lake huongezeka kwa karibu asilimia 45. Baharia anayefuata dira anazihitaji pembe hizo; mwanafunzi anayelinganisha msongamano wa watu anahitaji eneo, na hakuna projeksheni inayohifadhi vyote viwili.

Kwa ramani za namna hiyo sisi hutumia projeksheni ya Lambert inayohifadhi eneo, tukiweka kitovu chake kwenye Ikweta, longitudo 20 mashariki:

```
+proj=laea +lat_0=0 +lon_0=20 +datum=WGS84 +units=m
```

Kitovu hicho kina uzito wake. Gall-Peters nayo huhifadhi eneo, lakini kwenye Ikweta hurefusha maumbo hadi uwiano wa urefu kwa upana unakuwa mara mbili ya unaostahili, jambo ambalo kwa Afrika hatulipendekezi kabisa. Katika Lambert, hata Dakar iliyo pembezoni hubanwa kwa asilimia 6 tu kuelekea kitovu na kutanuliwa kwa kiasi kama hicho upande wa pili. Kwa skeli ya 1:8,000,000 bara zima huchukua takriban mita moja ya urefu, na kila sentimita ya mraba, popote ilipo, ni kilomita za mraba 6,400: Tunisia hupata 26 hivi, Uganda 38.

Ukitaka kuhakiki katika QGIS, hifadhi upya tabaka la nchi kwa projeksheni hiyo, kwani kubadilisha mpangilio wa mradi peke yake hakugusi data yenyewe, kisha kokotoa:

```
area($geometry) / $area
```

Jibu likikaribia 1 kwa kila nchi, eneo limehifadhiwa. Likipanda kadiri unavyoiacha Ikweta, bado uko kwenye Mercator.

Tafadhali zingatia kwamba kwenye ramani hii mistari ya longitudo hupinda, kwa hiyo mshale mmoja wa kaskazini hautoshi, na umbali unaopimwa kwa rula ni wa makadirio. Anayehitaji umbali sahihi kutoka Nairobi aagize ramani ya projeksheni inayohifadhi umbali, yenye kitovu Nairobi, akijua kwamba umbali kati ya Lagos na Kairo hautakuwa sahihi humo.