Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kianzio Chetu na Michango ya Kila Mwezi Vitatufikisha Wapi

Wanachama wenzangu habari zenu, wazee wetu shikamooni. Taarifa ya mwaka huu sitazunguka sana kwenye mambo ya vikao na misiba, hayo katibu kayaandika vizuri kwenye muhtasari. Mimi nataka tuongelee pesa iliyoko benki, maana kwenye grupu watu wanauliza swali moja tu kila siku, hivi mwisho wa 2029 tutakuwa na shilingi ngapi na mashine ya kukoboa mpunga tutaipata au hatuipati.

Tuanze na tulipo. Tarehe 1 Januari 2025 tulifungua akaunti ya kikundi na milioni 6, hicho ndo kianzio, ile pesa ya kiingilio na mauzo ya mpunga wa shamba la pamoja. Alafu wanachama 25 kila mmoja elfu 20 kwa mwezi, inakuwa laki 5, mtunza hazina anaipeleka benki siku ya mwisho ya mwezi. Riba tuliyokubaliana na benki ni asilimia 12 kwa mwaka na inaingia kila mwisho wa mwezi, yani asilimia 1 kwa mwezi. Ila hapo serikali inakata kodi ya zuio asilimia 10 ya hiyo riba kabla haijatufikia, kwaiyo kinachobaki mkononi ni asilimia 0.9 kwa mwezi. Shikeni hiyo 0.9, ndo namba ya kufanyia mahesabu yote, sio 12 na wala sio 1.

Stetimenti ya Januari inaonyesha vizuri jinsi inavyokwenda. Salio la kuanzia 6,000,000, riba 60,000, kodi 6,000, inabaki 54,000, ukiongeza mchango wetu laki 5 tunamaliza mwezi na 6,554,000. Februari riba haipigwi tena kwenye milioni 6, inapigwa kwenye hiyo 6,554,000, inakuja 65,540, kodi 6,554, inabaki 58,986, tunaweka laki 5 nyingine salio linakuwa 7,112,986. Yani kila mwezi ni hatua mbili tu, salio zidisha kwa 1.009 kisha jumlisha mchango. Mwenye daftari na kalamu anaweza kwenda hivyo miezi 60 yote na atapata jibu sahihi bila kujua fomula yoyote, ni uvumilivu tu.

Sasa kwenye grupu mwezi wa tisa yalizunguka mahesabu ya mtu, na wengi wenu mliyapenda kwasababu yalitoa milioni 61 na laki 6. Mahesabu yenyewe yalikuwa hivi, kianzio milioni 6, michango ya miaka 5 milioni 30, jumla milioni 36, alafu hiyo 36 yote ikakuzwa kwa riba ya miezi 60. Nawaomba tuiache kabisa hii namna, na nieleze kwanini maana ndo kiini cha taarifa yangu. Milioni 6 ni kweli imekaa benki miezi yote 60. Lakini ile laki 5 ya Januari 2025 iliingia mwisho wa mwezi kwaiyo inakaa miezi 59, ya Februari 58, na ile ya Desemba 2029 tutaiweka leo kesho tunaenda kuchukua pesa, haina hata shilingi moja ya riba. Kila mchango una umri wake. Ukiikuza 36 yote kwa miezi 60 umeihesabia riba pesa ambayo bado iko mifukoni mwetu, nyingine hata hatujaitafuta.

Njia sahihi ni kuyafanya mafungu mawili mbali mbali kisha kujumlisha. Fomula ni hii, P ni kianzio, M ni mchango wa mwezi, r ni riba ya mwezi baada ya kodi, n ni idadi ya miezi:

```
S = P(1+r)^n + M[((1+r)^n − 1)/r]
```

Kwa mpango wetu wa miaka 5, 1.009 ukiizidisha yenyewe mara 60 unapata 1.71187. Fungu la kwanza, milioni 6 mara 1.71187 ni kama 10,271,000. Fungu la pili, hiyo 1.71187 toa 1, gawanya kwa 0.009, unapata 79.096, zidisha kwa laki 5 ni 39,548,000. Ukijumlisha ni milioni 49 na laki 8. Sio 61. Tofauti ni karibu milioni 12, na hiyo ndo sababu wengi walikuwa wanasema elfu 20 inatosha kabisa kufikia lengo letu la milioni 60 wakati haitoshi. Na yule aliyepiga kwa njia hii sahihi lakini akasahau kodi ya zuio, akatumia 1 badala ya 0.9, alipata milioni 51 na laki 7, huyo nae yuko juu kwa karibu milioni 2.

Ukitaka kujua kama namba uliyoletewa imepikwa kwa njia mbovu kuna kipimo chepesi. Angalia riba peke yake. Kwenye hesabu yetu, pesa tuliyoweka ni 36 na jibu ni 49.8, riba ni 13.8. Ile ya grupu ilikuwa na riba milioni 25 na zaidi. Michango ya kila mwezi kwa wastani inakaa benki karibu nusu tu ya muda, kwaiyo shilingi iliyokuja kidogo kidogo itazaa chini ya nusu ya ile iliyokuwepo tangu mwanzo. Kianzio chetu kila milioni inazaa laki 7 na kidogo, michango kila milioni inazaa kama laki 3 na elfu 18. Mtu akikupa hesabu ambayo vyote viwili vinazaa sawa, jua kachanganya mafungu.

Turudi kwenye mwaka wenyewe. Kwa mpango tulitakiwa kufunga Desemba na 12,987,151. Tumefunga na 12,983,335, pungufu ya 3,816. Hiyo pungufu inatokana na mwezi wa nne, wanachama 10 hawakutoa, palizi na mvua zilibana watu, ikapungua laki 2, na wakailipa yote mwezi wa sita baada ya mavuno. Mnakumbuka kelele zilizotokea na faini zilizopendekezwa. Sasa namba imesema yenyewe, kuchelewa miezi miwili kwa wote 10 kumetugharimu shilingi 3,816 mpaka sasa, na ifikapo 2029 itakuwa kama 5,900. Ni chini ya mia 6 kwa kila aliyechelewa. Lakini kama ile laki 2 isingelipwa kabisa, 2029 tungekosa laki 3 na elfu 30. Kwaiyo kwa maoni yangu mtu anaechelewa na akatoa taarifa tusimkabe, faini ya elfu 5 tuliyoitaka haina uwiano na hasara yenyewe, ila mwezi ambao haukulipwa kabisa ufuatiliwe mpaka mwisho, hasa ya miaka hii ya mwanzo ambayo ina umri mrefu mbele yake.

Na hapa kuna jambo ambalo nataka liwe utaratibu wetu kila Januari. Hatuhitaji kurudi nyuma kuhesabu upya tangu 2025 nani alitoa lini. Salio la benki la tarehe 31 Desemba linakuwa kianzio kipya, basi, yaliyopita yote yameshamo ndani yake, uchelewaji, kodi, kila kitu. Kwaiyo sasa P ni 12,983,335 na miezi iliyobaki ni 48. 1.009 ukiizidisha yenyewe mara 48 ni 1.53736. Kianzio kipya kitafika 19,960,000, michango ya laki 5 kwa miezi 48 itafika 29,853,000, jumla 49,813,000. Ukilinganisha na mpango wa mwanzo imepungua kama 5,900, ile ile ya mwezi wa nne. Mahesabu yamekutana.

Lengo letu ni milioni 60, kiwanja kidogo, banda na mashine na kuvuta umeme. Tumepungukiwa milioni 10. Ukiipindua fomula unapata mchango unaotakiwa, 60 toa ile 19.96 ya kianzio, inabaki 40.04, gawanya kwa 59.707, yani ile 1.53736 toa 1 gawanya kwa 0.009, jibu ni 670,600 kwa mwezi, kwa watu 25 ni kama 26,800 kila mmoja. Napendekeza elfu 27, hiyo inatupeleka 60,262,000. Wenye kompyuta au Ekseli ya kwenye simu mnaweza kuhakikisha wenyewe, andikeni hivi:

```
=FV(0.9%,48,-675000,-12983335)
```

Muwe makini na zile alama za kutoa. Zote mbili lazima ziwepo kwasababu zote ni pesa inayotoka kwetu kwenda benki. Ukiiweka ya kwanza ukaisahau ya pili, Ekseli inadhani kianzio ni mkopo tuliochukua na inakitoa badala ya kukijumlisha, utaona kama milioni 20 utashtuka bure. Kosa lingine ni kuandika 12% kwenye nafasi ya riba wakati miezi ni 48, hapo itakuja namba ya ajabu ya mabilioni, ukiona hivyo rudi uangalie riba.

Jambo moja siwezi kuliahidi, riba. Benki wana haki ya kuibadilisha na mkataba unasema hivyo. Ikishuka mpaka 10 kwa mwaka, baada ya kodi ni 0.75 kwa mwezi, na kwa mchango wa elfu 27 tutafika milioni 57 na laki 4 tu. Ndo maana nasema kila Januari tuhesabu upya na riba iliyopo na salio lililopo, tukiona pengo mapema nyongeza inakuwa ndogo, tukiliona mwaka wa mwisho pesa haina muda wa kuzaa itabidi tuitoe yote mfukoni.

Kuna na hili la tarehe. Michango ikikusanywa ikaingia benki tarehe 1 badala ya mwisho wa mwezi, kila laki inapata mwezi mmoja zaidi, na kwa mchango wa elfu 27 kwa miezi 48 iliyobaki hiyo ni kama laki 3 na elfu 63 bila mtu kuongeza chochote. Najua wafanyabiashara hiyo ni sawa lakini wanaosubiri mshahara ni ngumu, tujadiliane.

Kwaiyo mkutano mkuu una mambo matatu ya kuamua: mchango kuwa elfu 27 kuanzia Januari hii, faini ya kuchelewa kuondolewa kwa mwenye kutoa taarifa, na tarehe ya kupeleka pesa benki. Stetimenti ya miezi yote 12 mtunza hazina atakuja nayo imechapwa, kila mtu aje na kalkuleta yake, tutapitia mstari kwa mstari kabla ya kupiga kura.